Mapitio ya maandiko kuhusu kusitasita kuchanja: sababu ni mtu, jamii au mfumo? Msimamizi kanirudishia mara ya pili

#1 Kijana wa Uyole
Wakuu, kamwene. Niko Mbeya, namalizia uzamili wa afya ya jamii. Sura ya pili ya tasnifu ni mapitio ya maandiko: kwa nini wazazi wanasita kuchanja watoto. Nimesoma makala 41, nyingi za Afrika Mashariki, nikazigawa mafungu matatu. Fungu la mtu (hofu ya madhara, kutojua, imani binafsi), la jamii (mume, mama mkwe, kanisa, uvumi) na la mfumo (umbali, chanjo kuisha, lugha ya wahudumu). Nikahesabu: 29 zinaegemea mtu, 8 jamii, 4 mfumo. Nikahitimisha kwamba tatizo kubwa liko kwa mzazi mwenyewe.

Msimamizi kaizungushia 29 kalamu nyekundu, pembeni kaandika: "Hii ni hesabu ya nini?" Basi, hakuongeza neno. Naombeni msaada, nina wiki tatu.

#2 Baridi ya Makambako
Mkuu, mbona jibu liko wazi. Watu hawana elimu. Makala 29 kati ya 41 zinasema hivyo, msimamizi anataka nini tena? Andika "elimu itolewe", uende kwenye graduesheni.

#3 Sangu Mdogo
#2 hata huku Mbarali barabara ikiharibika unasema wananchi wapewe elimu 😂

#4 takwimu_baridi
Kijana, kabla hatujafika kwenye 29, tuwekee hapa maneno uliyoyatumia kutafuta makala. Yenyewe kama yalivyo, usiyaeleze.

#5 Kijana wa Uyole
Hii hapa mkuu, niliiingiza PubMed:

```
("vaccine hesitancy" OR "vaccine refusal" OR "vaccine acceptance")
AND (knowledge OR attitude OR perception)
AND (Tanzania OR Kenya OR Uganda)
```

#6 takwimu_baridi
Nilihisi. Mstari wa pili ndio uliokupa 29. Umeuambia mtandao ukuletee makala zinazozungumzia ujuzi, mtazamo na fikra, ukaletewa hizo hizo, halafu ukashangaa kukuta sababu ziko kichwani mwa mtu. Anayekwenda mnadani Uyole kutafuta ng'ombe asirudi akisema Mbeya haina mbuzi.

La pili ni hilo neno lenyewe. Kikundi cha wataalamu wa WHO kilichokaa tangu 2012 kilieleza kusitasita kuwa ni kuchelewa au kukataa chanjo *licha ya huduma kuwepo*. Shikilia hayo maneno ya mwisho. Kama huduma haikuwepo siku ile, mama yule si msitaji kwa tafsiri yao wenyewe. Sasa kati ya makala zako, ni ngapi zilithibitisha kwanza kwamba huduma ilikuwepo? Zisizothibitisha huna haki ya kuziweka fungu la mtu. Ziweke pembeni, "haijulikani".

Tafuta upya hivi, uone uwiano utakavyobadilika:

```
(immunization OR vaccination) AND
(hesitancy OR refusal OR dropout OR stockout OR "missed opportunities")
AND (Tanzania OR Kenya OR Uganda)
```

#7 Mzee wa Tukuyu
Habari zenu vijana. Mimi naona mnazunguka tu. Huku kwetu anayesita kuchanja ni mvivu. Chanjo ya kideri ni tone moja la jichoni, kila baada ya miezi mitatu, bei ya chini kabisa, na bado mtu anaacha kuku arobaini wanakufa banda zima. Elimu tumepewa na bwana mifugo mpaka basi.

#8 Sangu Mdogo
Shikamoo mzee. Wanaongelea watoto, siyo kuku 😂😂

#9 Mzee wa Tukuyu
Marahaba. Basi nimesoma haraka. Lakini kuku nao wana mambo yao. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi, ukikifungua leo kesho hakifai. Mwenye kuku sita anaona hasara, anasubiri majirani wakusanye wao. Majirani wasipokusanya, hachanji. Hiyo mtaiita elimu au nini?

#10 nesi_wa_mkoba
Mzee wa #9 umekosea uzi ila umepatia jibu. Nipo zahanati milimani, sitataja wilaya, mwaka wa kumi na moja huu. Naomba nieleze kitu ambacho sijakiona kwenye madodoso ya wanafunzi wanaokuja kwangu.

Chanjo ya surua rubela inakuja kwenye kichupa cha dozi kumi. Ni unga, unachanganya na kimiminika chake, na ukishachanganya una saa sita tu. Zikipita, au kliniki ikiisha, unamwaga kilichobaki. BCG ni hivyo hivyo, na kichupa chake ni dozi ishirini. Sasa Jumanne asubuhi anakuja mama na mtoto wa miezi tisa, peke yake. Nikifungua, nimetumia moja, nimemwaga tisa. Ripoti ya mwezi ina safu ya upotevu, na kikaoni nitaulizwa. Mwongozo wa WHO unasema fungua hata kwa mtoto mmoja, naujua. Lakini jokofu langu lina vichupa vinne na gari la chanjo sijui linakuja lini. Kwa hiyo wengi wetu tunamwambia mama: "Njoo Alhamisi, siku ya surua."

Huyu mama katembea saa mbili na nusu na mtoto mgongoni. Alhamisi mvua inanyesha, au viazi vinavunwa, hatokei. Kwenye rejista yangu mtoto yule ni "hakurudi". Ukija wewe na dodoso lako miezi sita baadaye, unamwuliza kwa nini mtoto hakupata surua. Unadhani atakujibu nini?

#11 Mama Tumaini
Atajibu "nilikuwa na kazi". Mimi nilijibu hivyo hivyo. Mwanangu wa pili, Kyela, msimu wa kuvuna mpunga. Nilienda mara mbili nikarudishwa, ya tatu sikwenda. Akaja binti mmoja na karatasi kutoka chuo, ananiuliza mbele ya mama mkwe. Nimwambie manesi wamenirudisha? Yule nesi nitamkuta tena wiki ijayo na ndiye atakayenizalisha. Nikasema nilikuwa na kazi, nikaona kalamu inatiki.

#12 Kijana wa Uyole
Dada Mama Tumaini, na tiki hiyo ingeingia kwangu fungu la mtu. "Kukosa muda, kipaumbele kidogo." Daah.

#13 Baridi ya Makambako
Sawa, lakini huyo ni mmoja. Makala zina watu mia tatu themanini na zaidi. Huwezi kupindua utafiti kwa hadithi ya Kyela.

#14 takwimu_baridi
#13 umegusa pazuri. Hiyo "mia tatu themanini na zaidi" ni 384, siyo? Kijana, hesabu ni makala ngapi kati ya zako zina sampuli ya 384, au 384 pamoja na asilimia kumi ya ziada. Haina uchawi wowote. Ni hii:

```
1.96^2 x 0.5 x 0.5 / 0.05^2 = 384.16
```

Ni idadi inayokupa makosa ya asilimia tano juu au chini, *kama* watu wako umewachagua kwa kura kutoka kwenye jamii yote. Wengi wanachukua 384 hiyo, kisha wanakwenda kukaa mlangoni pa kliniki na kuuliza kila mama anayetoka. Mama wa mlangoni amekwishafika. Umbali haukumshinda na mume hakumzuia. Kwa hiyo umbali "hauna uhusiano wa kitakwimu" na kinachobaki cha kutofautisha mama na mama ni mtazamo. Ukiwachukua 4,000 mlangoni hapo, utapata kosa lile lile, ila kwa uhakika zaidi.

Kwa hiyo nikisoma makala ya fungu hili nauliza mambo manne tu. Waliohojiwa walipatikana wapi, nyumbani au kliniki? Chanjo ilithibitishwa kwa kadi au kwa kumbukumbu ya mama? Kilichopimwa ni nia ("utamchanja?") au tendo? Na je, dodoso lilikuwa na kisanduku cha "nilikwenda nikarudishwa"? Ikianguka kwenye la kwanza na la nne, siitupi, ila siruhusu itoe hukumu kati ya mtu na mfumo. Haikujengwa kuona mfumo.

#15 Sangu Mdogo
Nilikuwa mdodosaji wakati wa stashahada. Visanduku vilikuwa vitano: sikujua, naogopa madhara, sina muda, mume amekataa, nyingine. "Nyingine" ilikuwa na mstari mfupi kama kidole, na tulilipwa kwa idadi ya madodoso. Malizieni wenyewe.

#16 Mwalimu Kilolo
Habari wakuu. Nawasoma muda mrefu. Naona mnaelekea kusema uvumi haupo kabisa, na mimi sikubali. Mimi ni mwalimu wa msingi. Siku ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, mwaka ule wa kwanza, wasichana kumi na mmoja wa darasa langu hawakuja. Kesho yake wote wapo, hakuna aliyeumwa. Jumapili iliyotangulia kuna mtu alisimama kanisani akasema sindano ile inafunga kizazi. Huduma ilikuwepo shuleni, bure, hatua kumi kutoka kwenye dawati. Hapo mfumo umekosea wapi?

#17 Mama Tumaini
Mwalimu, wazazi walipata barua ya kuwaeleza kabla?

#18 Mwalimu Kilolo
Barua ilifika Ijumaa saa tisa. Chanjo Jumatatu.

#19 nesi_wa_mkoba
Basi kati ya Ijumaa na Jumatatu uvumi ulikuwa na siku mbili za uwanja mtupu. Sisi pia tulipata ujumbe dakika za mwisho.

#20 takwimu_baridi
Mwalimu, kisa chako ni sahihi kwa tafsiri ya WHO: huduma ipo, watu wamejizuia, na wamejizuia kwa pamoja. Hilo ni fungu la jamii, kwa sababu wasichana kumi na mmoja hawawezi kupata wazo moja Jumapili moja kila mtu kivyake. Hapo ndipo tafiti za kuhoji mzazi mmoja mmoja zinapoteza. Dodoso linamkuta kila mzazi ana "hofu ya ugumba" na kuandika hofu 11 za watu binafsi, wakati kisa ni kimoja chenye chanzo kimoja. Mambo haya huyapata kwa utafiti wa mazungumzo marefu, na usiudharau kwa kuwa una watu 30. Cochrane walitoa mapitio ya tafiti za aina hiyo 2021 kuhusu wazazi na chanjo za watoto. Soma walivyopima uhakika wa kila hoja badala ya kuhesabu makala.

Ila kuna utafiti mmoja wa nyumbani uuweke juu. Mwanza, 2010 hadi 2011, shule za msingi 134, chanjo hiyo hiyo ya HPV. Shule ziligawanywa kwa kura. Upande mmoja walichanja wasichana wote wa darasa la sita, upande wa pili waliozaliwa 1998 popote walipo shuleni. Dozi ya tatu: karibu asilimia 79 kwa darasa, 72 kwa umri. Mkoa ule ule, na kwa kuwa ni kura, uvumi unatarajiwa kufanana pande zote mbili. Kilichobadilika ni namna ya kumwita mtoto.

#21 Baridi ya Makambako
Kwa hiyo uvumi hauna kazi. Nimekubali, ni mfumo.

#22 takwimu_baridi
Hapana mkuu, umeruka kutoka ukuta mmoja hadi mwingine 😀. Kura ile inathibitisha kwamba utaratibu unaongeza takriban pointi saba. Haisemi kitu kuhusu mtoto mmoja kati ya watano ambaye hakumaliza hata kwenye utaratibu bora. Humo wanaweza kuwamo watoro, waliohama, na wasichana wa Mwalimu Kilolo. Utafiti mzuri hujibu swali lake tu.

#23 nesi_wa_mkoba
Niongeze kidogo ili Kijana asichanganye miaka: wakati ule wa Mwanza ilikuwa dozi tatu. Nchi nzima ilianza 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Tangu 2024 ni dozi moja, miaka 9 hadi 14. Ukilinganisha viwango vya vipindi hivyo bila kusema dozi ngapi, utakuwa unalinganisha ulanzi na maziwa.

#24 Mzee wa Tukuyu
Ulanzi umetoka wapi tena kwenye uzi wa afya. Nimeamka sasa.

#25 Ludewa Ziwani
Nimechelewa, samahani. Na ule wa India wa mabakuli na dengu? Nilisikia watu walipewa chakula wakachanja wote. Maana yake shida ni njaa.

#26 takwimu_baridi
Karibu. Siyo wote, na ni dengu na sahani za chuma. Udaipur, Rajasthan, vijiji 134 (inatokea idadi inafanana na shule za Mwanza, msichanganye). Matokeo yalitoka 2010. Vijiji vya kawaida: asilimia 6 ya watoto walikamilisha chanjo. Vilivyopata kambi ya uhakika kila mwezi, isiyokosa nesi: 18. Kambi pamoja na kilo moja ya dengu kila sindano na sahani mwishoni: 39.

Kijana, huu ndio mfano wa kujifunzia. Ungeuweka fungu gani?

#27 Kijana wa Uyole
6 hadi 18 ni mfumo, hiyo naona. 18 hadi 39... mtu? Maana huduma ilikuwa imeshakuwepo, bado hawakuja mpaka walipovutwa.

#28 Mama Tumaini
Kijana, wewe hujawahi kupoteza siku ya kibarua. Dengu zile ni fidia ya siku. Hilo ni mfumo, mfumo unaomla mama siku nzima.

#29 takwimu_baridi
Hapa hata wataalamu hawaelewani. Wengine husema kilo ya dengu ni ndogo mno kubadili msimamo wa anayeogopa kweli, kwa hiyo waliokuja hawakuwa wanapinga, walikuwa wanaahirisha. Dada Mama Tumaini anasema ni gharama. Namba ni ile ile, na haiwezi kuchagua kati yenu wawili. Nami nakumbusha kwamba hata kwa dengu, 61 kati ya 100 hawakukamilisha.

#30 Baridi ya Makambako
Sasa elimu yangu mmeizika kabisa?

#31 takwimu_baridi
Haijazikwa, imepimwa. Marekani 2014 walichapisha jaribio la wazazi 1,759, wakawapa maelezo sahihi kuhusu chanjo ya surua. Waliopewa maelezo kwamba haileti usonji walipunguza kweli imani hiyo potofu. Lakini kati yao, wale waliokuwa na mashaka zaidi tangu mwanzo, nia ya kuchanja ilishuka. Kubadilisha anachojua mtu na kubadilisha anachofanya ni kazi mbili. Tahadhari: walipima nia, siyo tendo, na Marekani siyo Makambako.

#32 Sangu Mdogo
Makambako hata Iringa wanaiogopa.

#33 Ludewa Ziwani
Na Uviko je? Tulikataa wote huku, kisha ghafla tumechanjwa.

#34 Mwalimu Kilolo
Hicho ndicho kisa kinachonisumbua. Januari 2021 Rais Magufuli alizitilia shaka chanjo hizo hadharani. 28 Julai mwaka huo huo Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera. Bado mwanzoni mwa 2022 waliochanja walikuwa wachache sana, kisha mwisho wa mwaka tukaambiwa zaidi ya nusu ya walengwa. Imani za watu hazigeuki kasi hiyo.

#35 nesi_wa_mkoba
Mimi nilitembea nayo nyumba kwa nyumba, mashambani, mnadani, hata kwenye vilabu. Waliokuwa "wamekataa" wengi waliniambia "si ungekuja mapema".

#36 Ludewa Ziwani
Wengine tulichanja kwa sababu mtendaji alisimama mlangoni na orodha, ukweli usemwe.

#37 takwimu_baridi
Na mimi niongeze la tatu lisilopendeza. Namba zile ni za ripoti za vituo, na kwenye kampeni zenye malengo, ripoti huwa na joto. Chanjo kumfuata mtu, uongozi kubadili kauli, shinikizo la mtendaji, karatasi kuzidi watu: vyote vinne vilitokea mwaka mmoja, na hakukuwa na vijiji vya kulinganisha. Ukiandika kimoja tu ndicho sababu, nitakuzungushia kalamu nyekundu mimi.

#38 Kijana wa Uyole
Wakuu, asanteni. Nimerudi baada ya siku nne. Nimetafuta upya kwa maneno ya #6, nikaweka safu mbili mpya: "huduma ilithibitishwa kuwepo?" na "waliohojiwa wapi?" Kati ya zile 29, 17 hazikuthibitisha huduma na nyingi ya hizo zilihoji mlangoni pa kliniki. Nimezihamishia "haijulikani". Zimebaki 12. Sijasema kwamba 17 ni mfumo, maana sijui.

Lakini nimekwama kwenye "lugha mbaya ya wahudumu". Mama anaogopa kufokewa kwa sababu mtoto hana nguo nzuri au kadi imelowa, anaacha kwenda. Hofu iko kwake, matusi ni ya zahanati, na habari kaipata kwa jirani. Nimeiandika mafungu yote matatu, msimamizi atanila.

#39 takwimu_baridi
Mimi ningeiweka mfumo. Chanzo kiko zahanati, mengine ni njia iliyopitia.

#40 Mwalimu Kilolo
Mimi jamii. Bila jirani kusimulia, mama ambaye hajawahi kufokewa asingeogopa.

#41 nesi_wa_mkoba
Na mimi ambaye nafoka siku nikiwa peke yangu na akina mama sitini, mtaniweka fungu gani?

#42 Mama Tumaini
Nesi, usijali, wa kwetu anafoka hata wakiwa watatu. Halafu nilitaka kuuliza: mdogo wangu ana mtoto wa miezi kumi na nane, surua ya pili. Siku ya kichupa ni Alhamisi zote au ya kwanza tu?

#43 nesi_wa_mkoba
Inategemea kituo dada, apige simu kwanza. Akiweza, atafute jirani wawili wenye watoto wa umri huo waje pamoja. Wakija watatu, wengi wetu hatuna ubavu wa kuwarudisha.

#44 Mzee wa Tukuyu
Si ndivyo nilivyosema kwenye kuku?